Weita mpe trei kwanza, maneno baadaye

Zamani nilikuwa naajiri weita kwa kuongea naye tu. Mtu anakuja kanyooka, anasema ana uzoefu wa miaka mitano, mdomo mtamu, basi namwambia kesho anza. Nimeshajuta sana kwa hilo. Siku hizi maongezi ni dakika kumi tu, zinazobaki zote vitendo.

Nawaweka wafanyakazi wangu wanne mezani wajifanye wateja, halafu wanaagiza kwa fujo makusudi, mmoja hataki kitunguu, mwingine anabadilisha kinywaji katikati, wa tatu anauliza kama mchuzi una karanga maana ana aleji. Hapo naangalia kama atairudia oda kabla hajatoka mezani, na kama ameandika nani kaagiza nini ili asirudi na sahani mkononi akiuliza "hii ya nani?". Ila hasa nasubiri hiyo ya karanga. Akijibu "haina" papo hapo basi kwangu amefeli, hata kama kweli haina, maana ndo kwanza kaingia, kajuaje? Ninayemtaka anasema naomba nikamuulize mpishi.

Baada ya hapo trei yenye glasi sita za maji. Wengi ambao ni wageni wa kazi wanazitoa za upande mmoja zote, trei inalalia upande wa pili na maji yanamwagika. Wengine wanashika glasi kwa juu, pale pale mtu anapoweka mdomo. Hayo siyahesabu kabisa, yanafundishika. Namwonyesha atoe moja huku moja kule, ashike chini, halafu namwambia rudia. Kama amenuna au anaanza kunielezea kule alikotoka walikuwa wanafanyaje, nimeshapata jibu langu.

Kuna siku walikuja wawili, kaka mwenye trei safi kabisa na dada aliyemwaga glasi nzima mezani. Mfanyakazi wangu akamwambia yule kaka "hii sikuagiza", naye akajibu "si umeniambia mwenyewe?". Dada alipomwaga aliomba radhi, akasogeza simu ya mteja isilowe, akauliza kitambaa kiko wapi, na aliporudi jikoni akabeba sahani chafu za meza ya jirani bila kuambiwa. Nikamuuliza muosha vyombo (huyu namuulizaga kila mara, watu hawajui kama naye ni jaji), akasema dada kanisalimia na mabaki kayamwaga kwenye ndoo, yule kaka alitupa tu sahani kwenye sinki akaondoka. Nikamchukua dada.

Ila jaribio la mchana kukiwa kumetulia halikuonyeshi mtu akizidiwa. Kwa hiyo kabla ya kumpa kazi moja kwa moja nampa shifti moja saa ya watu wengi, meza mbili tu, na namlipa hata nisipomchukua.