Kukanusha "kila" na "angalau moja": mlipokosea nyote wawili

*"Taarifa niliyopewa: Kila mwanafunzi ametatua angalau swali moja. Mimi nimeikanusha hivi: Kila mwanafunzi hajatatua swali lolote. Mwenzangu anasema 'kila' lazima igeuke 'baadhi', kwa hiyo yeye ameandika: Baadhi ya wanafunzi hawajatatua baadhi ya maswali. Nani yuko sahihi?"*

Hakuna aliye sahihi, ila kila mmoja amekosea kwa njia yake.

Kwanza tukubaliane kanusho ni nini, maana hapo ndipo wengi tunapoteleza. Kanusho la taarifa ni sentensi ambayo ni kweli pale tu taarifa ya kwanza ilipo uongo, na ni uongo pale tu ile ya kwanza ilipo kweli. Hali yoyote utakayoibuni, moja kati ya hizo mbili lazima isimame na nyingine lazima ianguke. Ukipata hali moja tu ambamo zote zinaanguka, au zote zinasimama, basi ulichoandika si kanusho, hata kama kinasikika kama kinapinga.

Tuchukue darasa dogo la watu wawili, Asha na Juma, na maswali mawili. Tuseme Asha ametatua swali la 1, Juma hajagusa kitu. Taarifa ya mwanzo ni uongo, kwa sababu ya Juma. Sentensi yako nayo ni uongo, kwa sababu ya Asha. Zote zimeanguka pamoja. Wewe umeandika kitu kikali kuliko kinachotakiwa: umeruka kutoka "wote wametatua" hadi "wote hawajatatua", ukasahau kwamba katikati kuna darasa lenye mchanganyiko.

Sasa la mwenzako. Asha ametatua la 1 akaacha la 2, Juma ametatua la 2 akaacha la 1. Taarifa ya mwanzo ni kweli, kila mmoja ana swali lake. Sentensi ya mwenzako pia ni kweli, maana wapo wanafunzi walioacha maswali fulani. Zote zimesimama. Yeye ameandika kitu kilegevu mno. Alichokanusha hasa ni taarifa nyingine kabisa: "Kila mwanafunzi ametatua maswali yote."

Jibu ni hili: Kuna angalau mwanafunzi mmoja ambaye hajatatua hata swali moja. Lijaribu kwenye madarasa yote mawili hapo juu uone linavyosimama na kuanguka inavyotakiwa.

Kwa alama, tuseme T(x, y) ni "x ametatua y", x akiwa mwanafunzi na y akiwa swali; ∀ ni "kwa kila", ∃ ni "kuna", na ¬ ni alama ya kukanusha:

```
taarifa:   ∀x ∃y T(x, y)
kanusho:   ∃x ∀y ¬T(x, y)
wewe:      ∀x ∀y ¬T(x, y)
mwenzako:  ∃x ∃y ¬T(x, y)
```

Alama ya kukanusha inaingia kutoka nje kuelekea ndani. Kila inapopita neno la idadi, neno hilo linageuka: "kwa kila" inakuwa "kuna", na "kuna" inakuwa "kwa kila". Inatua mwisho kabisa, kwenye kitenzi. Wewe umegeuza la pili ukaacha la kwanza. Mwenzako amegeuza la kwanza akaacha la pili vilevile lilivyokuwa. Mpangilio wa x na y haubadiliki. Nimeona watu wakiubadili kwa kudhani nao ni sehemu ya kukanusha.

Kosa lako nalijua vizuri kwa sababu liliwahi kunitia aibu. Niliandika programu ndogo ya kukagua mafungu ya fomu. Sharti lilikuwa kila fomu iwe na angalau saini moja, na fungu lisilotimiza sharti likataliwe. Fomu niliiwakilisha kama orodha ya kweli na uongo, moja kwa kila nafasi ya saini. Nikaandika mstari wa kwanza badala ya wa pili:

```python
kataa = all(not any(f) for f in fungu)   # nilivyoandika
kataa = any(not any(f) for f in fungu)   # ilivyotakiwa
```

Ule wa kwanza unakataa fungu pale tu fomu *zote* zinapokosa saini. Fungu lenye fomu 40, moja ikiwa tupu, lilipita bila neno. Nilipojaribu programu nilitumia fungu la fomu moja, na kwa fomu moja mistari yote miwili inatoa jibu lilelile, kwa hiyo sikuona kitu. Kilichonishtua ni fungu lisilo na fomu hata moja: likakataliwa kwa ujumbe kwamba lina fomu zisizo na saini! Kwenye orodha tupu `all` hutoa `True`, kwa kuwa hakuna wa kuipinga. Darasa lisilo na mwanafunzi lingekufanyia hivyo hivyo: taarifa ya mwanzo na sentensi yako zote zingekuwa kweli. Tangu hapo sijaribu kanusho bila kuwa na angalau vitu viwili vinavyotofautiana.

Lakini nadhani sehemu ya tatizo lako si hesabu, ni lugha yetu. "Kila mwanafunzi hajatatua" au "Wanafunzi wote hawajatatua" huzua ubishi. Mmoja akisikia "wanafunzi wote hawajafaulu" anaelewa hakuna aliyefaulu. Mwingine anaelewa si wote waliofaulu, yaani wamo waliofaulu na walioanguka. Kwenye mazungumzo muktadha unaokoa, kwenye karatasi ya mantiki hakuna wa kukuokoa. Ukitaka maana ya kwanza andika "Hakuna mwanafunzi aliyefaulu". Ukitaka ya pili andika "Si wanafunzi wote waliofaulu".

"Baadhi" ina mtego wake pia. Mtaani ukisema baadhi wamefika, watu wanaelewa kuna ambao hawajafika, tena waliofika ni zaidi ya mmoja. Katika mantiki inatosha mmoja, na hata wakifika wote sentensi inabaki kweli. Ndiyo maana napenda "kuna angalau mmoja", ingawa ni ndefu.

Na mtego ninaouogopa kuliko yote uko mwishoni mwa sentensi. Linganisha "hajatatua angalau swali moja" na "hajatatua hata swali moja". Ya kwanza wengi wataisoma kuwa amebakiza swali moja au zaidi, na huko ndiko aliko mwenzako. Ya pili ni sifuri kabisa. "Hajatatua swali lolote" pia ni sawa, na hapo kwa kweli uliandika vizuri. Nusu yako ya pili sina tatizo nayo. Futa "Kila mwanafunzi", weka "Kuna angalau mwanafunzi mmoja ambaye", na sentensi yako imepona.