"Kafunga choo" au "utumbo umeziba"?

*Swali: Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea huku Micheweni. Mgonjwa akiwa na tumbo linalomsokota, anatapika kila mara, tumbo limevimba na hapati choo wala upepo, kwenye barua ya rufaa niandike "kafunga choo", "msokoto wa tumbo" au "utumbo umeziba"? Na hilo la upepo nimuulize vipi mtu mzima bila ya kumvunjia heshima?*

Andika "inashukiwa utumbo umeziba", kisha zifuate dalili zenyewe moja moja. "Kafunga choo" liache kabisa katika barua hii.

Aliyefunga choo ni mtu ambaye choo chake kigumu, au kinakuja kwa taabu baada ya siku kadhaa. Kwa kawaida huyo bado anakula, hatapiki mfululizo, na upepo unamtoka. Utumbo ukiziba, njia yenyewe haipitiki. Chakula, maji na hewa vinarundikana juu ya pale palipoziba. Utumbo unajikaza kusukuma, na kila ukijikaza maumivu yanakuja. Visivyopita chini vinarudi juu, ndiyo matapishi, na vinavyobaki ndani vinalitanua tumbo.

Tena "kufunga" hudai "kufungua". Tamka nyumbani kwamba bibi kafunga choo, na kabla gari haijapatikana ameshanyweshwa sanamaki, haluli au mafuta ya mbarika, au amepigwa bomba. Dawa ya kuendesha huuhimiza utumbo usukume zaidi pale pasipopitika, maumivu na matapishi yakazidi, na utumbo uliokwisha kutanuka unaweza kutoboka. Watu wa nyumbani waambie kwa maneno haya haya: "Njia imeziba, asipewe kitu kwa mdomo, wala dawa ya kuendesha." Maji atatiwa kwa dripu hospitali, na pengine mpira wa puani wa kuyatoa yaliyojaa tumboni.

"Msokoto wa tumbo" ni Kiswahili safi, lakini linaeleza hisia tu, na wengi wakilisikia hufikiria tumbo la kuendesha. Lisichanganywe na "utumbo umejisokota". Hilo la pili linataja jambo lililotokea ndani, utumbo kujipinda wenyewe hata njia ikafunga, nalo ni sababu moja tu kati ya nyingi. Utumbo huziba pia kwa makovu ya ndani yaliyobaki baada ya upasuaji wa zamani, kwa ngiri iliyobanwa, kwa uvimbe, na kwa watoto hata kwa fundo la minyoo. Wewe huwezi kuijua sababu kwa kumtazama mgonjwa, kwa hivyo "umejisokota" mwachie daktari aliyeona picha au aliyepasua.

Kwa maumivu ya aina hii nalipenda zaidi "linamshika na kumwachia". Linabeba kile ambacho "linauma" halikibebi: kwamba yanakuja kwa mawimbi, na baina ya wimbi na wimbi mgonjwa anapumzika. Ongeza muda, kwa mfano "kila baada ya dakika tano hivi". Na mgonjwa akianza kusema "sasa haliachii", liandike neno lake kama alivyolitoa. Maumivu yaliyokuwa ya vipindi yakigeuka kuwa ya moja kwa moja, hasa pamoja na homa au tumbo kuwa gumu likiguswa, yanaweza kuwa dalili kwamba damu haifiki tena kwenye kipande cha utumbo. Mgonjwa huyo hangoji asubuhi.

Jihadhari pia na "chango". Kwetu neno hilo ni mnyoo, ni utumbo, na ni maumivu ya tumbo vile vile. Akisema "chango langu limenishika", kubali, lakini usiliandike kabla ya kuuliza anakusudia lipi. Na "mshipa" nalo ni hivyo hivyo. Kuliko kuuliza "una mshipa?", uliza kama ana kivimbe kinenani kinachotoka akisimama na kurudi akilala, na kama leo kimekataa kurudi.

Sasa upepo. Tatizo lako si aibu peke yake, maana maneno ya staha nayo yanateleza. Ukimwuliza bibi "una upepo?" unaweza kujibiwa habari za mashetani. "Unapumua?" atakujibu kuwa anapumua, kwani si yu hai? "Una riahi?" atasema anazo, tena nyingi, kwa sababu riahi ni hewa iliyomjaa tumboni, nawe unataka kujua iliyotoka. Neno lisilo na utata ni "kujamba", lakini kijana kumtamkia mtu mzima ni kazi.

Njia ya kati tunayo tangu chuoni. Katika mafunzo ya udhu kila mtoto husikia kwamba kutokwa na upepo kwa nyuma kunatengua udhu, na hakuna aliyeona kuwa ni matusi. Basi uliza: "Bibi, samahani, tangu jana umetokwa na upepo kwa nyuma, ule wa kutengua udhu?" Mkiwa faragha atakujibu wazi. Akisita, rudia kwa "kwa chini" na uonyeshe tumbo likipungua. Ikishindikana sema "kujamba" lenyewe. Staha isiyopata jibu haimsaidii mgonjwa.

Choo kiulize peke yake, kisikae pamoja na upepo katika swali moja. Mwanzoni mgonjwa anaweza kupata choo mara moja, kile kilichokuwa tayari chini ya palipoziba, naye akakwambia "choo napata". Kwa hiyo uliza "choo cha mwisho umepata lini?" badala ya "unapata choo?"

Tuseme barua yako ya kwanza ilikuwa hivi: "Mwanamke, miaka 58, kafunga choo, tumbo linasokota na limejaa, anatapika." Daktari akiisoma atadhani ana nafasi. Iandike hivi:

"Mwanamke, miaka 58. Inashukiwa utumbo umeziba. Tangu jana saa 2 asubuhi tumbo linamshika na kumwachia, kitovuni, kila baada ya dakika tano hivi. Ametapika mara sita, mwanzo chakula, sasa maji ya kijani. Tumbo limevimba, likigongwa linalia kama ngoma. Choo cha mwisho Jumatano jioni. Hajatokwa na upepo kwa nyuma tangu jana asubuhi. Aliwahi kupasuliwa tumbo. Hana kivimbe kinenani. Hajapewa dawa ya kuendesha."

Nimeandika "limevimba" kwa kuwa "limejaa" husemwa hata na aliyeshiba. Na nimeandika "maji ya kijani" kwa sababu wengi husema "anatapika nyongo" kwa kila kitapikwa kichungu. Rangi inamsaidia daktari zaidi. Yakigeuka ya kahawia na kunuka mavi, andika hivyo hivyo bila ya kupamba.

Saa na siku pia zinataka uangalifu. Bibi akikwambia choo cha mwisho kilikuwa "usiku wa Ijumaa", yeye anahesabu siku kuanzia magharibi, basi ni Alhamisi kuamkia Ijumaa. Daktari aliyezoea hesabu ya ofisini atasoma Ijumaa usiku, na siku nzima itapotea kwenye hesabu. Andika "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa".