Puti ya kulinda hisa zako: usiangalie bei ya mwaka mmoja tu

Wakuu mliokaa na hisa miaka mingi na sasa ndo mnaanza kuangalia opsheni, hii ya kununua puti kama bima naomba tuipigie hesabu kabisa, maana ukiona bei ya mwaka mmoja unaiona ndogo unaingia.

Chukua mtu ana hisa 100 za SPY, ule mfuko unaofuata S&P 500, na tuseme kila moja ni dola 600, jumla 60,000. Ananunua puti moja ya mwaka mzima, mkataba mmoja ni hisa 100, inampa haki ya kuuza kwa 540. Soko likiwa limetulia inaweza kumtoka dola 14 kwa hisa, yaani 1,400. Kwahiyo mwisho wa mwaka hata soko lianguke vipi hasara yake, pamoja na hiyo 1,400, inaishia kama asilimia 12. Hapo ni pazuri sana.

Sasa soko lisipoanguka hiyo 1,400 imeenda, na mwakani ananunua tena. Kuna miaka atalipwa ndio, ila anayemuuzia naye anaweka faida yake, so tuseme ukishatoa malipo yote bado inamkata asilimia 2 kwa mwaka. Hisa zikikua 8 kwa mwaka, baada ya miaka 20 ile 60,000 ni karibu 280,000. Zikibaki 6 ni kama 192,000 tu. Yaani bima imekula dola 88,000, zaidi ya mtaji wote alioanza nao!

Na kuna kitu wengi hawakioni mapema. Tuseme SPY ikapanda hadi 720 katikati ya mwaka halafu ikashuka mpaka 570 muda wa puti unapoisha: ameshuka asilimia 21 toka kileleni na puti haimlipi hata senti, kwa sababu 540 yake imebaki kule chini. Kuisogeza juu inawezekana, unauza ya zamani unanunua mpya, ila unalipa tena.

Usisubiri hofu ndo ununue. Tarehe 16 Machi 2020 VIX, kile kipimo cha hofu ya soko, ilifunga 82.69, puti zilikuwa ghali balaa, na wiki moja baadaye soko likawa limefika chini kabisa likaanza kupanda.

Mimi kabla sijanunua nalinganisha na njia ya kawaida: kuuza sehemu ya tano ya hisa na kuweka kwenye hati fungani za muda mfupi. Zikilipa asilimia 4, na kila mwaka ukarudisha mgao uwe uleule wa sehemu ya tano, hesabu ileile inafika kama 241,000. Soko likianguka asilimia 35 utapoteza 28, kwahiyo haizuii hasara kama puti, lakini hulipi kila mwaka. Puti naiona inafaa pale pesa ina tarehe yake, mfano unalipia nyumba mwakani, au ukiuza leo kodi ya faida itakula sana. Hapo nunua ya muda huo tu, ukishavuka uache.