Maswali na majibu: Ramani ya simu mtandao ukikata

Kaka, GPS inakula bando?

Hapana, na swali hili naletewa kila wiki. Simu inapokea tu mawimbi ya setilaiti. Kinachokula bando ni ramani yenyewe, kama hukuipakua mapema.

Nilipakua ramani ya Arusha, kufika Engaruka skrini ikabaki rangi tupu. Simu mbovu?

Simu ni nzima. Ulipakua mji, halafu ukasafiri nje ya mji. Kwenye Google Maps gusa picha yako, kisha `Offline maps`, kisha `Select your own map`. Inakuja fremu, na wengi wanaibonyezea `Download` vilevile ilivyo. Ivute mpaka ishike Makuyuni, Mto wa Mbu, Engaruka na Ziwa Natron lote.

Halafu fanya jambo ambalo karibu wote wanaoniandikia hawalifanyi: ukiwa bado nyumbani, zima data na waifai, omba njia ya kwenda Ngare Sero, kijiji cha kando ya Ziwa Natron, kuza ramani pale Engaruka. Njia ikichorwa na vibarabara vikaonekana, ondoka. Visipoonekana, bado una mtandao wa kurekebisha. Ukishaipita Mto wa Mbu umechelewa.

Mbona kidoti changu kinatembea porini wakati niko barabarani?

Kwenye vipande vya vumbi kule, korongo likila njia ya zamani madereva wanafungua nyingine pembeni. Ramani bado ina ile ya kwanza. Kidoti kikienda sambamba na mstari, fuata alama mbichi za matairi. Kikizidi kuachana nao, geuza, rudi kwa alama zako mwenyewe mpaka njia zilipoachana. Usikate porini kuufuata mstari.

Na hili hukuniuliza: ramani haijui maji. Masika moja nilisimama kwenye korongo kabla ya Ngare Sero. Mstari ulivuka moja kwa moja, na alama za matairi zilionekana ng'ambo, lakini katikati maji ya tope yalikuwa yanakokota matawi. Tulizima gari, tukasubiri mpaka mawe ya chini yakaonekana. Mchungaji aliyekuwa pale alituonyesha pa kuvukia, hatua chache juu ya mstari.

Natoka Arusha kwenda Musoma, ramani inanipitisha Serengeti. Niifuate?

Ukiwa umejiandaa kulipa kiingilio cha watu na gari, Ngorongoro na Serengeti zote mbili, na kuwahi mageti kabla hayajafungwa jioni. La sivyo zunguka Babati, Singida, Shinyanga na Mwanza. Bila mtandao Google haikupi njia mbadala, kwa hiyo omba kipande kimoja kimoja: Arusha hadi Babati, ukifika, Babati hadi Singida. Fremu zako zishike njia yote hiyo.

Niliyopakua mwaka jana bado inafaa?

Fungua `Offline maps` uangalie tarehe. Muda ukiisha haitumiki, kwa hiyo isasishe leo ukiwa na waifai.