Kolamu ya 63 inaitwa BK: kubadili namba za kolamu kuwa herufi kwenye orodha ya vipengele

Data ya dodoso ikishapakuliwa, mtu anayeichambua huhitaji orodha ya vipengele: jina la kila kipengele, maana yake, na herufi ya kolamu kilipo. Herufi ndizo zinazomsaidia anayefungua faili, kwa sababu ukimwambia "angalia kolamu ya 63" ataanza kuhesabu kwa kidole, lakini ukimwambia BK anafika mara moja. Tatizo ni kwamba programu nyingi zinakupa namba tu, na ukivuka 26 hesabu ya haraka haraka ya kichwani huanza kudanganya.

A hadi Z ni 1 hadi 26. AA hadi AZ ni 27 hadi 52, BA hadi BZ ni 53 hadi 78, CA hadi CZ ni 79 hadi 104, na mwendo ni huo huo mpaka ZZ, ambayo ni 702. Hapo ndipo herufi tatu zinapoanza: AAA ni 703. Excel inaishia XFD, yaani kolamu ya 16,384.

Kwa herufi mbili, hesabu ya mkono ni hii: toa 1 kwanza, kisha gawanya kwa 26. Jibu la kugawanya ndilo herufi ya kwanza, ukihesabu A kuwa 1. Baki ndiyo herufi ya pili, lakini hapa A ni 0. Chukua 63. Ukitoa 1 unapata 62, na 62 kwa 26 ni 2, baki 10. Herufi ya 2 ni B, na ukihesabu kutoka A ikiwa 0, ya 10 ni K. Ndiyo BK.

Ile 1 inayotolewa mwanzoni ndiyo wengi huiacha, na kosa lake halionekani upesi. Ukigawanya 63 moja kwa moja unapata 2 baki 11, na herufi ya 11 ni K, kwa hiyo jibu linatoka sawa na unaridhika. Jaribu 52 kwa njia hiyo hiyo: 2 baki 0. Herufi ya 0 haipo. Sababu ni kwamba mfumo huu wa herufi hauna sifuri. Baada ya Z hairudi kwenye alama tupu, inarudi kwenye A. Fomula iliyoandikwa bila kutoa 1 itatoa `B@` mahali pa AZ, na itarudia kosa kila baada ya kolamu 26. Kwa hiyo fomula yoyote ya namna hii ipimwe kwa 26, 27, 52, 53, 702 na 703. Ikipita hapo, kwingine haitakusumbua.

Ndani ya Excel au Google Sheets huna haja ya kuandika hesabu hiyo mwenyewe. Tuseme data iko kwenye shiti inayoitwa `Data`, majina ya vipengele yakiwa mstari wa 1. Fungua shiti mpya, weka vichwa kwenye mstari wa 1, halafu kwenye A2, B2 na C2 andika hizi kwa mfuatano:

```
=ROW()-1
=SUBSTITUTE(ADDRESS(1,A2,4),"1","")
=INDEX(Data!$1:$1,1,A2)&""
```

Ya kwanza inatoa namba ya kolamu, ya pili herufi, ya tatu inachukua jina lenyewe kutoka kwenye data. Ziburute chini mpaka majina yaishe. Ile `&""` mwishoni ni kwa ajili ya kolamu isiyo na kichwa. Bila hiyo Excel itakuandikia 0, na msomaji atadhani kuna kipengele kinachoitwa hivyo.

Fomula ya herufi inafanya kazi kwa ujanja mdogo. `ADDRESS(1,28,4)` inarudisha anwani ya seli, `AB1`, kisha `SUBSTITUTE` inafuta ile 1. Ukisahau 4 unapata `$AB$`, kwa kuwa hiyo 4 ndiyo inayoondoa alama za dola. Na namba ya mstari ibaki 1 daima: ukiweka `ROW()` badala yake, mstari wa 29 utakuachia `AB29`, maana hakuna 1 ya kufuta. Kwenye Excel ya Kifaransa, ambayo hutumika sana Burundi na Kongo, majina ni `SUBSTITUE` na `ADRESSE`, na kitenganishi kwa kawaida ni nukta-mkato badala ya mkato.

Fomula za `CHAR(64+A2)` zinazosambazwa huku na huko ni nzuri kwa kolamu 26 tu. Ya 27 inatoa mabano ya mraba, `[`.

Ukitengeneza orodha kwa Python, hesabu ni ile ile ya kutoa 1, ila inarudiwa mpaka namba iishe, kwa hiyo herufi tatu nazo zinatoka sawa:

```python
def herufi(n):
    jina = ""
    while n > 0:
        n, baki = divmod(n - 1, 26)
        jina = chr(65 + baki) + jina
    return jina
```

Hapa n inaanza na 1. Python yenyewe huhesabu orodha kuanzia 0, kwa hiyo pitia majina kwa `enumerate(majina, 1)`. Dalili ya kusahau hiyo 1 ni kwamba kipengele cha kwanza kinakosa herufi kabisa, na vingine vyote vinasogea nyuma kwa kolamu moja.

Kosa baya kuliko yote, kwa maoni yangu, halimo kwenye fomula. Ni kuchukua orodha ya maswali kutoka kwenye fomu badala ya vichwa vya faili lililopakuliwa. Kwenye data za KoboToolbox, kwa mfano, swali la kuchagua majibu zaidi ya moja lenye machaguo 6 linaweza kuchukua kolamu 7: moja ya jibu zima na moja kwa kila chaguo. Ukihesabu kama swali moja, kila herufi inayofuata imekosewa kwa 6, na swali la pili la aina hiyo linaongeza pengo. Ndiyo maana `INDEX` hapo juu inasoma shiti ya data yenyewe.

Orodha ikikamilika, ikopi na uibandike kama thamani kabla ya kuipanga upya. Zikibaki fomula, `ROW()` itahesabu upya na utaona kama vile hukupanga chochote. Na usifute kolamu ya namba: ukipanga kwa herufi, AA inakaa kati ya A na B, na namba pekee ndiyo itakurudishia mpangilio wa asili.

Kwa wenye faili pana, kuna mtego mmoja zaidi. Kolamu ya 365 inaitwa NA. Ukihifadhi orodha kama CSV na kuisoma kwa pandas, herufi hizo zinachukuliwa kuwa data iliyokosekana na seli inabaki tupu. Kwenye pandas isome hivi:

```python
pd.read_csv("orodha.csv", keep_default_na=False)
```