Re: Kufupisha hataza iliyopigwa picha

> Nina picha za ikisiri na madai 14. Nitajuaje madai yapi ni huru, na niyaandikeje kwa lugha nyepesi?

Anza na madai; ikisiri hutambulisha tu uvumbuzi, haiweki mipaka ya haki. Kwenye picha, tarakimu 5, 10, 15 za pembeni mara nyingi ni namba za mistari, si za madai.

Tuseme dai la 1 ni kifuniko cha chupa chenye vali na chemchemi inayoifunga. La 2 hadi la 8 yanasema "kifuniko cha dai la 1, ambapo...", kwa hiyo ni tegemezi. La 9 ni njia ya kutengeneza kifuniko, linasimama lenyewe. Andika la 1 na la 9 kila moja kwa aya yake, na usidondoshe sehemu yoyote. Ukiiacha chemchemi, umempa mwenye hataza haki pana kuliko aliyopewa.

Mtego uko hapa: dai linalosema "njia ya kutumia kifuniko cha dai la 1". Linataja dai jingine, lakini linalinda njia, si kifaa. Ofisi ya Hataza ya Ulaya hulichukulia kuwa huru, nami ningelipa aya yake.