Chaja ya wati 65, gemu ya wati 100: kwa nini betri yangu ilishuka huku waya umechomekwa

Mwaka jana nilitoka Tanga kuja Dar kwa kazi ya wiki mbili, nikafika Ubungo ndipo nikakumbuka kwamba lile tofali la chaja nimeliacha ukutani nyumbani. Laptopu yangu ni ya gemu, na chaja yake ni ya wati 180, nzito kweli kweli. Kesho yake nikaenda Kariakoo, nikanunua chaja ndogo ya taipu-C ya wati 65, nzuri tu, nyepesi, inaingia mfukoni. Mchana nilifanya kazi zangu za kuandika na betri ikajaa bila shida. Usiku nikafungua gemu ya mpira, betri ikiwa asilimia 100 na alama ya chaja ikionekana pale chini. Baada ya saa moja na ushee nikaona asilimia 20. Muda mfupi baadaye picha zikaanza kukwama, mchezaji anapiga chenga kwa awamu.

Nilidhani nimeuziwa feki. Chaja haikuwa na kosa lolote.

Wenye simtanki nyumbani watanielewa haraka. Bomba la mtaa linaingiza maji juu, nyumba inachota chini. Mkiwa mnaosha vyombo tu, bomba linashinda na tanki linajaa. Siku ya kufua, kuoga na kumwagilia bustani kwa pamoja, tanki linashuka ingawa bomba liko wazi muda wote. Betri ni tanki, chaja ni bomba. Ile alama ya umeme kwenye skrini inakuambia kwamba bomba liko wazi. Haisemi linaleta kiasi gani.

Tuhesabu mashine yangu. Nikiwa naandika, prosesa, skrini na vingine vyote vinakula kama wati 20. Chaja inaleta 65, kwa hiyo zinabaki zaidi ya 40 za kuingia kwenye betri. Betri yangu ni ya wati-saa 57, kwa mwendo huo inajaa kwa saa moja na nusu hivi, na kidogo zaidi, kwa sababu betri ikikaribia kujaa laptopu yenyewe hupunguza kasi ya kuichaji. Gemu ikifunguka, prosesa na kadi ya picha zinaamka kwa pamoja na jumla inapanda kupita wati 100. Chaja haiwezi kutoa zaidi ya 65, na pengo linazibwa na betri.

Huna haja ya kukisia pengo lako. Ukiwa na Windows 11, bonyeza kulia alama ya Start, fungua Terminal (Admin), kisha andika hivi:

```
Get-CimInstance -Namespace root\wmi -ClassName BatteryStatus | Select PowerOnline, ChargeRate, DischargeRate
```

Iendeshe gemu ikiwa wazi nyuma yake. `PowerOnline` ikisema True, chaja inatambulika. `ChargeRate` ni umeme unaoingia kwenye betri na `DischargeRate` ni unaotoka, na kwa mashine nyingi namba hizo ni za miliwati, yaani ugawe kwa 1000 upate wati. Mimi nilikuta True, na hapohapo `DischargeRate` ikasoma 38000. Wati 38 zinatoka huku waya umechomekwa! Gawa wati-saa 57 kwa 38, unapata saa moja na nusu hadi betri iishe kabisa, na hiyo inalingana na nilichokishuhudia usiku uliopita. `PowerOnline` ikisoma False, tatizo lako ni lingine: tundu bovu, waya umekatika, au laptopu imeikataa chaja kabisa.

Na kule kukwama kwa picha? Betri ikishakuwa chini, laptopu haina tena pa kukopa, hivyo inabana prosesa na kadi ya picha ili matumizi yarudi ndani ya kile chaja inachotoa. Baadhi ya mashine hubana tangu mwanzo, mara tu zinapoona chaja ni ndogo. Mtu akilalamika kwamba laptopu yake imekuwa nzito ghafla baada ya kubadili chaja, hapo ndipo naanza kuangalia.

Nikajifanya mjanja, nikaazima chaja ya wati 100 kwa jamaa niliyefikia kwake. Waya wake ulikuwa mfupi, nikachomeka waya wa simu wa taipu-C pande zote mbili. Nikaendesha amri ileile: pengo likawa baya zaidi kidogo, wati 42. Nilibaki nimeduwaa. Kumbe chaja za taipu-C huzungumza na laptopu kabla ya kutoa umeme, na waya nao una kauli katika mazungumzo hayo. Waya wa kawaida unaruhusiwa kupitisha ampea 3 tu. Kwa volti 20, hiyo ni wati 60, hata ukiuchomeka kwenye chaja ya namna gani. Kupata ampea 5, ambazo ndizo wati 100, waya lazima uwe na kichipu kidogo ndani ya kichwa chake kinachojitambulisha. Nilipochukua waya wa jamaa, nikakaa karibu na ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa, pengo likashuka hadi wati 5 hivi.

Chaja ya 100 haikuwa yangu, kwa hiyo siku zilizobaki nilishughulika na upande wa matumizi. Kilichosaidia kuliko vyote ni kuweka kikomo cha fremu 60 kwa sekunde ndani ya gemu. Bila kikomo, kadi ya picha inajitutumua kutengeneza fremu 90 au 120 ambazo kwa gemu ya mpira sikuziona tofauti. Kisha nikaizuia prosesa isipande kasi ya ziada:

```
powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99
powercfg /setactive scheme_current
```

Kurudisha hali ya awali unaweka 100 badala ya 99. Kwa hayo mawili, nikiwa na chaja yangu ya 65, `DischargeRate` ilitoka 38000 hadi karibu 6000. Betri iliyojaa ikanitosha usiku mzima. Gemu nzito za vita zenye ramani kubwa hazitakubali kushuka hivyo, hapo huna ujanja ila chaja kubwa.

Ukienda kununua, geuza chaja ya awali usome mstari wenye neno OUTPUT. Zidisha volti kwa ampea: 20V mara 9A ni wati 180. Kwa chaja za pini ya duara, volti lazima zilingane na za awali, pini iwe ileile, na ampea ziwe sawa au zaidi. Ampea zikizidi haziunguzi kitu, kwa kuwa laptopu huvuta inachohitaji tu; volti zikizidi ndizo za kuogopa. Pia usitegemee kwamba tundu la taipu-C la laptopu ya gemu litameza umeme wowote utakaoupeleka. Mengi huishia wati 100, na mengine ni ya data tu, hayachaji kabisa.

Tofali langu lilifika kwa basi siku ya tisa, limefungwa ndani ya kanga ya mama. Nikalichomeka, nikaondoa kikomo cha fremu, nikafungua gemu na amri pembeni: `DischargeRate` 0, `ChargeRate` 31000.